Maji ya Nyama Huenda Chini: Rafu ya Nyama, ya Maziwa na ya Kiporo

Wengi wetu tunapanga friji kwa kuangalia nafasi. Sufuria kubwa inakwenda pale inapoingia, nyama iliyotoka buchani inasukumwa kwenye pengo lililobaki, na maziwa yanakaa mlangoni kwa sababu mlango una sehemu ya kusimamisha chupa. Ukifungua huoni kosa lolote, kwa kuwa kila kitu ni baridi na tumezoea kuamini kwamba baridi inaua vijidudu. Baridi ya friji haiui. Inachelewesha tu. Salmonela iliyo kwenye ngozi ya kuku leo jioni itakuwa hai kesho asubuhi, na kesho kutwa pia, hata kama haikuongezeka. Kampilobakta, ambaye naye hupenda sana kuku, hawezi kuzaliana kabisa kwenye friji, lakini anadumu humo siku kadhaa, na mia chache tu za vijidudu hivyo zinatosha kumharisha mtu mzima.

Kwa hiyo swali la friji si kama chakula kimepoa au hakijapoa. Swali ni kama kuna njia ya kijidudu kutoka kwenye chakula kibichi kuingia kwenye chakula kitakacholiwa kama kilivyo. Kijidudu hakina miguu. Hubebwa, na ndani ya friji mbebaji mkuu ni yale maji mekundu yanayotoka kwenye nyama. Ukijua maji hayo yanapita wapi, karibu mpangilio wote wa rafu unajieleza wenyewe.

Kabla ya kuweka kitu, jiulize: hiki kitapita motoni tena kabla ya kuliwa? Kuku mbichi ana moto mbele yake. Atachemshwa au atakaangwa, na nyama yake ikifika nyuzi joto 74 hadi ndani kabisa, vijidudu nilivyovitaja vinakufa. (Hapa Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Bado ni moto wa kutosha na kubaki.) Kachumbari haina moto mbele yake. Mtindi hauna, parachichi halina, maziwa ya kunywa yaliyokwisha kuchemshwa hayana. Kiporo kipo katikati: moto wake mkubwa umeshapita, na unaokuja mara nyingi ni wa kuondoa wasiwasi tu, kile kupasha kwa dakika 2 hadi chakula kiwe vuguvugu kwa sababu mtoto anawahi shule.

Basi chenye moto mkali mbele yake hukaa chini, na kisicho na moto hukaa juu. Kikivuja cha chini, hakina pa kuangukia isipokuwa sakafu ya friji. Kikivuja cha juu, tuseme mtindi umemwagikia kuku, kuku ataoshwa na moto.

Nitumie friji moja niliyoiona nyumbani kwa dada mmoja hapa mtaa wa Forest. Ni friji ya mlango mmoja, ile yenye kisanduku cha barafu ndani juu, rafu mbili za waya, na droo moja ya mboga chini kabisa yenye kifuniko cha kioo. Jumamosi alikuwa amenunua soko la Mwanjelwa kuku mzima aliyekwisha kunyonyolewa, kama kilo moja na nusu. Alimweka rafu ya juu, chini tu ya kisanduku cha barafu, akiwa bado kwenye mfuko aliopewa. Rafu ya pili ilikuwa na bakuli la kachumbari iliyobaki mchana, lisilo na kifuniko, sufuria ya maharage, na nusu ya parachichi iliyolazwa kwenye kisahani. Mlangoni kulikuwa na chupa ya lita moja na nusu ya maziwa mabichi aliyoletewa kutoka Uyole, na mayai kwenye vishimo vyake.

Nilipomuuliza kwa nini kuku yuko juu alinijibu vizuri tu: "Kaka, huku juu ndiko kunakoganda. Nyama nikiiweka chini itaharibika."

Hakukosea kuhusu baridi, na hapo ndipo jambo hili linapowachanganya watu, nitalirudia. Kwanza tumfuate kuku. Mfuko wenyewe ni ile mifuko mbadala ya kitambaa laini, iliyokuja baada ya mifuko ya rambo kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Kwa mazingira ni jambo jema. Kwa nyama mbichi, mfuko huo ni kama chujio: unashika kuku, haushiki maji. Wengine wanafungiwa nyama kwenye gazeti kwanza, nalo likilowa linapasuka ndani ya saa moja. Kuku wa kilo moja na nusu aliyechinjwa na kuoshwa anaweza kuachia robo kikombe cha maji usiku mmoja, na akiwa ametoka kuganda anaachia zaidi.

Rafu za waya hazizuii kitu. Maji yanajikusanya kwenye kona ya chini ya mfuko, yanatona kwenye waya, yanatambaa na ule waya hadi mahali ulipopinda, kisha yanaanguka. Chini yake ni bakuli la kachumbari. Matone matatu manne hayaonekani kwenye nyanya, kwa sababu nyanya zenyewe zina maji na ni nyekundu. Kesho yake kachumbari inaliwa na ugali, haina harufu wala ladha tofauti. Kuanzia siku 2 hadi 5 baadaye mtu anaanza kuharisha na homa, na kitakacholaumiwa ni chakula alichokula jana yake, pengine mishkaki ya barabarani. Ndiyo maana uchafuzi wa namna hii haujulikani: umbali wa siku kati ya kosa na ugonjwa unaficha kosa.

Na pua haisaidii. Vijidudu vinavyoozesha nyama na kuitia harufu ni vingine, na vinavyoangusha watu ni vingine. Chakula kinaweza kunuka bila kukudhuru sana, na kinaweza kunukia vizuri huku kikiwa na salmonela.

Juu kuna baridi zaidi, mbona nyama ikae chini?

Turudi kwenye hoja ya yule dada, maana ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni unasema rafu ya chini ndiyo yenye baridi kuliko zote. Hiyo ni kweli kwa baadhi ya friji, hasa zile zenye ukuta wa nyuma unaopoza. Kwenye friji ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu, baridi inatokea kwenye kile kisanduku, hivyo rafu iliyo chini yake huwa ya baridi zaidi, na karibu na droo ya mboga ndiko kunakopoa kidogo. Mtu mwenye friji hiyo akiweka nyama chini kwa kufuata ushauri wa "chini ndiko kwenye baridi", atagundua kwamba ameambiwa jambo la friji nyingine.

Nyama hukaa chini kwa sababu maji huanguka chini. Sababu ya baridi ni ya ziada, na kwako inaweza kuwepo au isiwepo. Sababu hizi mbili zikigongana, ile ya maji ndiyo inayoshinda, kwa kuwa upungufu wa nyuzi 2 za baridi unafupisha tu muda wa nyama kukaa, ilhali tone moja kwenye kachumbari halirekebishiki. Kwa hiyo kama rafu yako ya chini haipoi vya kutosha, punguza muda: nyama ya kupikwa kesho ikae hapo chini usiku mmoja, na ya siku zaidi ya 2 iende kwenye barafu moja kwa moja, ikiwa kwenye chombo chenye mfuniko.

Kujua chini kwako ni nyuzi ngapi ni rahisi. Tafuta kipimajoto kidogo cha friji au chochote kinachosoma nyuzi kati ya 0 na 20, kitumbukize kwenye glasi ya maji, weka glasi kwenye rafu ya chini jioni na usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Maji yanasema ukweli kuliko hewa, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Unachotaka ni nyuzi 5 kushuka chini, bora 4. Ukikuta 8, zungusha kile kitufe cha namba. Namba kubwa ni baridi zaidi, na wengi wameiacha kwenye 1 ili uniti za Luku zisikimbie.

Sasa, hiyo "chini" yenyewe ina mtego. Chini ya rafu ya mwisho kuna droo ya mboga, na droo hiyo ndimo inamokaa karoti, hoho, majani ya saladi na nyanya, vitu vinavyoliwa vibichi. Ukiweka nyama juu ya kifuniko cha kioo ukadhani umefika mwisho, bado kuna ghorofa moja chini yako. Kile kioo hakijaziba. Kina upenyo mbele, mahali unapovutia droo, na pembeni kimelala tu kwenye kingo za plastiki. Maji yakimwagika juu yake yanatembea hadi ukingoni na kuingia kwenye karoti.

Dawa yake si kuhamisha nyama, ni kuitilia chombo. Chukua beseni dogo la plastiki au bakuli lenye ukuta wa angalau sentimita 5, lenye upana wa kumeza kuku mzima bila miguu kuning'inia nje, kisha weka nyama humo pamoja na mfuko wake. Sahani haifai. Sahani ina ukingo mfupi, na ukiivuta kwa haraka maji yanaruka. Beseni hilo liwe la nyama tu, lisiwe la kuoshea mchele kesho. Mboga za kuliwa mbichi ziweke kwenye mfuko au chombo chenye mfuniko ndani ya droo yake, hata kama hazijaoshwa. Mboga nazo huja na udongo wake wa shambani, na huo usipande kwenye chakula kilichoiva.

Kama una aina mbili za nyama, kuku awe chini ya ng'ombe na chini ya samaki. Kipande kizima cha ng'ombe vijidudu vyake viko nje, moto unavifikia upesi, ilhali kuku na nyama ya kusaga huhitaji kuiva hadi katikati. Mbasa akitoka Kyela akakaa juu ya kuku, hakuna tatizo. Kuku juu ya mbasa ni tatizo, kwa sababu samaki wengi wetu tunamtoa motoni mapema. Kitimoto hesabu pamoja na ng'ombe, lakini kwake kila mtu anajua: aive hadi ndani.

Maziwa, ambayo si kitu kimoja

Mpangilio wa kawaida unasema maziwa yakae rafu ya kati au ya juu. Ukiishi Iringa mjini na unanunua maziwa ya pakiti dukani, hilo linatosha. Lakini nyanda za juu kusini ni nchi ya maziwa, na sehemu kubwa ya maziwa yanayoingia majumbani Tukuyu, Uyole au Njombe hayakupita kiwandani. Yameletwa na dumu au chupa ya soda, yakiwa mabichi, mengine bado na joto la ng'ombe.

Maziwa mabichi ni chakula chenye moto mbele yake, sawasawa na nyama. Yanaweza kubeba brusela, yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na yanaweza kubeba kinyesi kilichoingia wakati wa kukamua. Kwa hiyo chupa yake isikae pamoja na mtindi wa kuliwa na mtoto, na isikae juu ya kitu chochote kilichoiva. Njia bora ni kuyachemsha siku hiyo hiyo kabla hayajaingia kwenye friji hata kidogo: yafure, yatulie, yapoe kwenye beseni la maji baridi, kisha yahamie kwenye chombo kingine safi. Ukiyarudisha kwenye chupa ile ile yaliyokuja nayo bila kuiosha kwa maji ya moto, umeyachanganya tena na yale mabichi yaliyoganda shingoni mwa chupa. Huo nao ni uchafuzi wa kibichi kwenda kwenye kilichoiva, ila hauna damu ya kukushtua.

Yakishachemshwa, yamehama daraja. Sasa hayana moto mbele yake, yanapanda juu: rafu ya juu au ya kati, nyuma karibu na ukuta, ambako joto la mlango haliyafikii. Mtindi, jibini na siagi iliyofunguliwa vinakaa huko huko. Mlangoni ni mahali pabaya kwa maziwa, hata kama mtengenezaji ameweka vishikizo vya chupa. Mlango ndio sehemu inayotoka nje ya baridi kila unapochukua maji ya kunywa, na jikoni kwenye watoto watatu hilo linatokea mara nyingi mno kuhesabu. Weka mlangoni soda, maji, tomato sosi, pilipili ya chupa na jamu.

Mayai nayo huwekwa mlangoni kwa mazoea ya vile vishimo. Mayai yetu huja bila kuoshwa, mengine na uchafu wa banda ukiwa umeshikamana. Yaache kwenye trei yake au kwenye chombo chenye mfuniko, rafu ya chini pembeni mwa beseni la nyama, na usiyaoshe kabla ya kuyaweka, maana ganda likilowa vijidudu hupenya kwenye vitundu vyake kwa urahisi zaidi. Yaoshe ukitaka kupika.

Kiporo kinapanda juu, lakini kikiwa kimepoa

Kiporo kinastahili rafu ya juu kwa sababu ndicho kinachokaribia zaidi mdomo. Kikae kwenye chombo chenye mfuniko, siyo sahani iliyofunikwa na sahani nyingine inayoyumba. Mfuniko unafanya kazi mbili: unazuia matone yanayotoka juu, na friji ya mlango mmoja ina matone mengi kutoka kwenye kisanduku cha barafu, na unazuia vidole, kijiko na kitambaa kinachopita humo.

Ugomvi mkubwa ni muda wa kuingiza. Wazee wetu wanasema chakula cha moto kinaharibu friji, kwa hiyo maharage ya saa 2 usiku yanaachwa mezani hadi asubuhi. Wengine, kwa kuogopa sumu, wanaingiza sufuria nzima ya makande ikiwa bado inatoa mvuke. Yote mawili yana kasoro. Mezani, chakula kinapita polepole kwenye joto kati ya nyuzi 60 na 5, na hapo ndipo vijidudu vilivyosalimika motoni huzaliana kwa kasi. Muda wa saa 2 ndio mwisho wa kukiacha. Ndani ya friji, sufuria ya lita 6 yenye moto inapandisha joto la kila kitu kilicho humo, maziwa na nyama pamoja, na mvuke wake unaganda kwenye dari ya rafu kuwa matone yanayorudi chini yakiwa yamepita kwenye kila ulichogusa. Tena katikati ya sufuria hiyo bado kuna moto usiku wa manane.

Ukitaka kuwa katikati, gawanya. Maharage yakishaiva, yahamishie kwenye vyombo vipana vyenye kina kisichozidi sentimita 5, viache juu ya meza bila mfuniko dakika 30 hadi 45, au uvikalishe kwenye beseni la maji ya bomba, ambayo Mbeya yanatoka baridi mwaka mzima. Mvuke ukiisha, funika na uweke juu. Kula ndani ya siku 3, au 4 ukiwa na friji inayopoa vizuri, na unapopasha, kiporo cha mchuzi kichemke kweli hadi kitoe mapovu, siyo kuwekwa moto tu.

Wali unadai haraka zaidi. Kuna kijidudu kiitwacho basilasi sereusi ambacho mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Mchele wa Kyela ukishapikwa na kuachwa kwenye sufuria usiku kucha, mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Hapa rafu haiwezi kukusaidia: wali uingie baridini ndani ya saa moja ya kupakuliwa, ukiwa umetandazwa, na uliwe kesho yake.

Mama mjamzito yumo nyumbani? Basi ongeza tahadhari moja. Listeria ni tofauti na wenzake kwa sababu anazaliana hata kwenye nyuzi 4, taratibu, na anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa mama huyo kiporo kisizidi siku moja au mbili na kipashwe hadi kitoe mvuke kila mahali, na maziwa yasiyochemshwa yasimfikie.

Baridi ya Juni inayoyeyusha nyama

Kuna jambo moja la nyanda hizi ambalo watu wa Dar hawalijui. Juni na Julai, Njombe, Makete au hata Mbeya mjini, usiku jikoni huweza kushuka hadi nyuzi 8 au 10. Mtu hufikiri friji sasa inafanya kazi kirahisi. Kinachotokea ni kinyume. Friji nyingi za kawaida zina kipimajoto kimoja tu, nacho kiko upande wa chakula, siyo upande wa barafu. Kikiona hewa ya chumba yenyewe inakaribia nyuzi 5, kinadhani kazi imekwisha na injini inalala kwa muda mrefu. Upande wa barafu haupati baridi mpya, na nyama iliyoganda inaanza kulainika bila umeme kukatika na bila taa yoyote kuwaka.

Utajua kwa dalili: vipande vya barafu vimeshikana na kuwa donge moja, mfuko wa nyama una kidimbwi cha barafu nyekundu upande wa chini, au kuna michirizi mikavu ya rangi ya kahawia kwenye ukuta chini ya kisanduku. Friji yenyewe ina kibandiko, ndani pembeni au nyuma, kinachoonyesha daraja la hali ya hewa kwa herufi. N, ST na T zote zimetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 na kuendelea. SN ndiyo inayovumilia hadi 10. Nyingi zinazouzwa huku ni ST na T, kwa sababu zinaletwa kwa ajili ya joto la nchi. Kwa msimu huo, isogeze friji kutoka stoo isiyo na moto hadi jikoni kunakopikwa, na kila nyama iliyo kwenye barafu iwe ndani ya chombo chenye kuta, kwa sababu ikilainika itatona juu ya kiporo chako cha rafu ya juu. Kukatika kwa umeme kunaleta matone yale yale. Friji isiyofunguliwa hubaki salama kama saa 4.

Na ukikuta nyama imeshatona? Rudi kwenye swali la moto, litakutenganishia vitu. Kachumbari, parachichi, mtindi usio na mfuniko na matunda yaliyokatwa vinatupwa, hata kama ni tone moja. Maharage na mchuzi ulioguswa leo hii vinaweza kuokolewa kwa kuchemshwa sana mara moja, ila kama huwezi kujua matone yalianguka lini, usijibahatishe. Chombo kilichofunikwa vizuri kinaoshwa nje, chakula chake ni salama. Karoti nzima na viazi vinaoshwa na kupikwa.

Kisha safisha ukianzia juu kwenda chini, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, rafu zikiwa zimetolewa nje. Baada ya sabuni pitisha maji yenye dawa ya klorini isiyo na manukato, kijiko 1 cha chakula kwenye lita 4 za maji, uache dakika chache, usuuze na kukausha. Usiichanganye na siki. Kitambaa ulichotumia kikachemshwe, kisiende kufuta meza. Mshikio wa mlango ufutwe pia, maana mkono uliotoa kuku ndio uliofunga mlango.

Mwisho inama uangalie nyuma ya droo ya mboga. Kwenye ukuta wa nyuma kuna mfereji mdogo na kitundu kinachopeleka maji ya barafu inayoyeyuka hadi kwenye kisahani nyuma ya friji, juu ya injini. Kitundu hicho huzibwa na majani ya mchicha na vipande vya ganda la yai, kisha maji yote yaliyotona, ya nyama yakiwemo, yanajaa chini ya droo na kulowesha mboga kutoka chini, mahali ambapo hakuna beseni linaloweza kuyazuia. Kizibue kwa mrija laini au kijiti cha pamba, mwagia kikombe cha maji ya uvuguvugu, na usikilize kama yanaanguka upande wa pili.